Televisheni, sabufa na spika za vyumbani: muziki mmoja nyumba nzima

"Kaka, habari za kazi. Sebuleni nina televisheni ya Google TV, nimeiunganisha na sabufa kwa zile waya nyekundu na nyeupe. Chumbani nina Nest Mini, ile spika ndogo ya waifai ya Google, jikoni kuna spika ndogo ya blututhi. Nimetengeneza kundi la spika kwenye simu, lakini taarabu ya kwenye king'amuzi haitoki chumbani hata kidogo. Nikicheza muziki wa simu ndiyo unatoka sebuleni na chumbani, ila unapishana, kama mtu anaimba na mwingine anamwitikia. Spika ya jikoni haionekani kabisa kwenye orodha. Nakosea wapi?" – Msomaji, Tanga

Dada, salama kabisa. Katika hayo matatu, ni hilo la kupishana tu ambalo utalimaliza kwenye mipangilio. La king'amuzi na la jikoni hayatokani na kosa lako. Kundi halikuundwa kufanya ulichokuwa unakitarajia, na ukishajua linavyofanya kazi utaona njia ya kupita.

Ukiitia televisheni kwenye kundi la Google Home, ile programu ya simu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, televisheni hiyo inakuwa spika kama spika nyingine, sawasawa na Nest Mini ya chumbani. Inapokea muziki, haiupeleki kwa spika nyingine. Ukibonyeza alama ya kurusha kwenye simu, kile kisanduku chenye mawimbi kwenye kona, simu haibebi muziki wenyewe. Inaliambia kundi wimbo upo wapi kwenye mtandao, kisha vifaa vinauchukua vyenyewe. Ndiyo maana ukishaanzisha wimbo kwa Spotify unaweza hata kuizima simu na muziki ukaendelea.

Sauti ya king'amuzi haipiti njia hiyo. Inaingia kwenye televisheni kwa waya wa HDMI, inatoka kwenye sabufa, basi. Hakuna anwani ya mtandaoni ambayo Nest Mini ingeweza kuifuata. Ni vivyo hivyo kwa fleshi uliyochomeka nyuma ya televisheni na kwa chaneli za antena.

Ipo pia sababu ya kiufundi inayofanya watengenezaji wasiwe na haraka ya kulifungua hilo. Ili spika za vyumba tofauti zilie kwa pamoja, kila moja lazima iweke akiba kidogo ya muziki kabla ya kuanza, kisha zote zikubaliane saa ya kuanza. Utakuwa umeona ukibonyeza "cheza" kundi linakaa kimya kidogo ndipo linaanza. Kwa muziki mtupu haina shida. Kwa picha ni tatizo, maana shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake BT.1359 linaeleza kwamba mtazamaji huanza kugundua kasoro sauti ikichelewa nyuma ya picha kwa takriban milisekunde 125, au ikiitangulia kwa milisekunde 45 tu. Akiba ya kundi ni kubwa kuliko hapo. Ungemwona mwimbaji amefunga mdomo na sauti bado inakuja.

Wako waliolivuka hilo kwa kuichelewesha picha yenyewe. Kisanduku cha Apple TV kinaweza kupeleka sauti yake kwenye spika kadhaa za AirPlay 2, mfumo wa Apple wa kurusha sauti uliotoka mwaka 2018, na picha ikasubiri. Lakini hapo napo ni sauti ya programu zilizomo ndani ya kisanduku hicho, na spika lazima ziwe za mfumo huo. Sikushauri ubadilishe nyumba nzima kwa ajili hiyo.

Basi kwa taarabu una njia mbili. Ya kwanza ni kuacha king'amuzi na kuutafuta muziki huohuo mtandaoni, kwenye programu inayorusha kwa kundi. Spotify inafanya hivyo, na YouTube Music inafanya hivyo. Hapa wengi wanakwama: YouTube ya kawaida, ile ya video, haioneshi kundi la spika kwenye orodha yake, kwa sababu kundi ni la sauti peke yake. Ukifungua wimbo humo ukaona televisheni tu, usidhani kundi limefutika. Ufungue wimbo huohuo kwenye YouTube Music kisha uangalie tena orodha. Na kama redio unayoipenda inasikika mtandaoni kupitia TuneIn, nayo inarushwa kwa kundi.

Kuhusu bando, muziki si mlaji kama video. Wimbo unaokuja kwa kilobiti 160 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 72 kwa saa. Ukiweka ubora wa kilobiti 320, inakuwa maradufu, kama megabaiti 144. Kwa kazi za ndani, sauti ya ufagio na maji vikiwa vinaendelea, hutasikia tofauti, kwa hiyo weka 160.

Njia ya pili ni waya, na ndiyo pekee itakayokupa sauti ya king'amuzi chumbani bila kuchelewa. Kama sabufa yako ina matundu ya spika za pembeni, fundi anaweza kuvuta waya hadi spika ya kawaida chumbani. Mwambie atumie waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba. Kwa mita 15 upotevu wake ni mdogo, hutausikia. Asichoruhusiwa kufanya ni kuziunga spika mbili kwenye tundu moja bila kusoma namba za nyuma. Sabufa nyingi zinakuja na spika za omu 4. Ukiunga mbili za omu 4 sambamba, amplifaya inaona omu 2, inatoa umeme mwingi kuliko ilivyoundwa kutoa, inachemka na mwishowe inaungua. Kama nyuma pameandikwa 4Ω, spika ya chumbani iwekwe mahali pa ile iliyopo, au inunuliwe amplifaya yake ndogo.

Sasa kundi lenyewe. Umeshalitengeneza, ila lihakiki kwa utaratibu huu. Fungua Google Home, gusa alama ya kujumlisha, chagua Speaker group, weka tiki kwenye televisheni na Nest Mini, lipe jina fupi kama "Nyumba", kisha hifadhi. Si kila televisheni yenye kupokea urushaji kutoka kwenye simu inakubaliwa kwenye kundi. Yako inakubaliwa, maana umesema muziki wa simu unatoka sebuleni na chumbani. Anayesoma hapa na haioni televisheni yake kwenye orodha ile ya tiki, asipoteze siku kuiwasha na kuizima. Asasishe programu ya televisheni mara moja, ajaribu tena, na ikigoma ajue aina hiyo haikuwekewa uwezo huo.

Pengine umewahi kusikia watu wakilalamika kwamba kundi lao lilikuwa na kidhibiti kimoja cha sauti kisha kikapotea. Ni kweli. Januari 2022 tume ya biashara ya kimataifa ya Marekani iliamua kwamba Google ilikiuka hataza za kampuni ya spika ya Sonos, na Google ikaondoa uwezo wa kupandisha na kushusha sauti ya kundi zima kwa pamoja. Miaka iliyofuata kesi zao ziliendelea na mambo yakabadilika tena. Nakutajia kwa sababu maelekezo ya zamani mtandaoni yanaweza yasifanane na unachokiona kwenye simu yako. Kwa vyovyote, mimi napendelea kurekebisha sauti ya kila chumba peke yake. Sabufa kwenye namba 20 inaweza kutikisa madirisha wakati Nest Mini kwenye hiyohiyo 20 bado inanong'ona.

Tuje kwenye kupishana, ambako ndiko kazi yako ilipo.

Vifaa vya kundi vinakubaliana saa ya kuanza, lakini makubaliano hayo yanaishia pale muziki unapotoka kwenye kifaa na kuingia kwenye njia ya sauti. Kinachotokea baada ya hapo kundi halikioni. Nest Mini inapeleka sauti moja kwa moja kwenye spika yake ndogo. Televisheni yako inaipitisha kwanza kwenye mitambo yake ya kupamba sauti: kuongeza besi, kuigiza mzunguko wa sinema, kusawazisha matangazo yenye kelele. Kila pambo linachukua muda wake, na jumla yake ndiyo inayokufanya usikie mwitikio. Waya zako nyekundu na nyeupe hazina hatia. Ungekuwa umeiunganisha sabufa kwa blututhi hapo tungeilaumu, kwa kuwa blututhi ya kawaida peke yake huchelewesha sauti kwa kitu kama milisekunde 150 hadi 250.

Sikio letu lina uvumilivu wake. Sauti mbili zinazofanana zikifika kwa tofauti ya chini ya milisekunde 30 hivi, tunazisikia kama moja. Zikiachana zaidi, hasa kuanzia kama 50, zinajitenga na unasikia mwangwi. Na hewa nayo ina mchango wake: sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, yaani kila mita inakula kama milisekunde 3. Ukiwa jikoni, mita 8 kutoka kwenye sabufa na mita 2 kutoka kwenye spika ya chumbani, umbali peke yake unakupa tofauti ya milisekunde 17 au 18, ambazo hakuna mpangilio utakaoziondoa kwa kila mahali nyumbani. Kwa hiyo usitafute ulinganifu wa kila kona. Chagua mahali pamoja pa kusikilizia, kwenye korido au mlangoni kati ya sebule na chumba, umbali unaolingana kutoka spika zote mbili, na urekebishie hapo.

Anza kwenye televisheni. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, weka hali ya sauti kuwa ya kawaida, Standard, zima Surround na mapambo mengine yote unayoyaona. Kisha tafuta kipengele kinachoitwa Audio delay au AV sync. Hiki watu wengi wanakisahau: aliyefunga televisheni alikiweka juu ili mdomo wa mtangazaji ulingane na sauti, na tangu siku hiyo kila kitu kinachotoka sebuleni kinachelewa. Kirudishe sifuri. Katika nyumba nyingi nilizoitwa kwa tatizo kama lako, hatua hizi tu zimetosha.

Kama bado, rusha kwenye kundi wimbo wenye mapigo makali na yaliyo wazi. Taarabu yenye vinanda vilivyojaa haifai kwa jaribio hili, maana sauti zake zinavutika na huwezi kujua pigo limeanza wapi. Tafuta ngoma kavu, makofi, au sauti ya metronomu inayogonga tu. Simama mahali pako pa korido. Utasikia "ta-ta" badala ya "ta". Sasa jua nani anachelewa: punguza sauti ya chumbani mpaka karibu ipotee, halafu uipandishe taratibu. Kama pigo la chumbani linaingia mbele ya lile zito la sabufa, sebule ndiyo iliyochelewa.

Kifaa kilichochelewa ndicho cha kurekebisha. Kwenye Google Home, bonyeza alama yake na kuishikilia, gusa gia ya mipangilio, ingia Audio, utaona Group delay correction. Ni kitelezi. Kazi yake ni kukiambia kifaa kianze mapema kidogo ili kufidia ucheleweshaji unaotokea mbele ya safari. Kitelezeshe kidogo, ngoja muziki utulie, sikiliza. Ukisikia "ta-ta" inazidi kuachana, umekwenda upande usio wake, rudi. Ikianza kukaribiana endelea kwa hatua ndogo, na utafika mahali ambapo mapigo mawili yanakuwa moja na besi inanenepa ghafla. Besi kunenepa ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu sauti mbili zikilingana zinaongezana nguvu badala ya kukatana. Acha hapo.

Inawezekana televisheni yako isioneshe kitelezi hicho. Basi silaha yako ni zile hatua za kwanza za kuondoa mapambo na kurudisha sifuri. Na usirekebishe vifaa viwili kwa wakati mmoja. Nest Mini ya chumbani iwe kipimo chako, iachwe kama ilivyo, na vingine vyote vifuate yenyewe, kimoja kimoja.

Spika ya jikoni haionekani kwa sababu blututhi siyo waifai. Kundi linakusanya vifaa vilivyo kwenye mtandao wa nyumbani, na spika ile haina namna ya kuingia humo. Inajua kuongea na kifaa kimoja kilicho karibu nayo, kwa kawaida ndani ya mita 10 kusipokuwa na kuta nzito. Unaweza kuiunganisha na Nest Mini, na Nest Mini ikaipeleka kwenye kundi kama mwakilishi wake. Lakini ukifanya hivyo kwa Nest Mini ya chumbani, muziki wa chumbani utahamia jikoni na chumba kitabaki kimya. Nest Mini haitoi muziki sehemu mbili kwa pamoja. Ukijaribu kuiunganisha na televisheni, kwa kawaida sabufa nayo itanyamaza kwa sababu hiyohiyo.

Kwa hiyo jikoni panahitaji kifaa chake. Nest Mini nyingine, hata iliyotumika, itatosha yenyewe kwa jiko dogo. Ukitaka ile spika ya blututhi iendelee kutumika kwa kuwa ina sauti nene, ioanishe na hiyo Nest Mini ya jikoni na uifanye spika yake ya muziki ya kudumu. Hapo lazima utumie Group delay correction kwa kifaa cha jikoni, na utakiteleza mbali kuliko ulivyokiteleza cha sebuleni, kwa sababu ya zile milisekunde za blututhi. Spika hiyo ikijizima ili kuokoa betri, jikoni patanyamaza bila onyo, kwa hiyo iache kwenye chaja. Ukienda dukani kutafuta spika ya aina nyingine, tazama boksi pameandikwa Chromecast built-in au Google Cast. Maneno ya "Works with Google" peke yake hayakuhakikishii kitu kuhusu kundi, na wauzaji wengi huyachanganya.

Limebaki moja ambalo hukuliuliza lakini litakufikia, hasa ukiongeza kifaa cha jikoni. Vifaa vyote lazima viwe kwenye mtandao mmoja wa waifai. Nyumba za matofali na zege mara nyingi zina kiongeza-mawimbi karibu na jiko, na baadhi ya viongezaji hivyo vinatengeneza mtandao wao wa pembeni bila wewe kujua. Dalili yake ni kwamba kifaa kinacheza vizuri kikiwa peke yake lakini kinakataa kuingia kwenye kundi, au kundi linacheza na chumba kimoja kinakaa kimya. Kagua anwani ya mtandao ya kila kifaa kwenye mipangilio yake. Kwa ruta za kawaida za nyumbani, televisheni ikisoma 192.168.1.20 na spika ya jikoni ikisoma 192.168.0.105, tofauti ya namba ile ya tatu inakuambia viko mitandao miwili. Kiweke kiongezaji kwenye hali ya Access point, au kiunganishe kifaa cha jikoni moja kwa moja na ruta. Mtandao wa wageni usiutumie kwa spika, kwa sababu kwa kawaida umewekwa ili vifaa vilivyomo visionane. Televisheni kuwa kwenye waya wa ruta na spika kuwa kwenye waifai ya ruta hiyohiyo hakuna ubaya wowote.

Umeme nao ukikatika na kurudi, spika huwaka haraka kuliko ruta, zinatafuta mtandao, hazioni kitu, na kundi linaonekana limekufa. Usilifute na kulitengeneza upya, maana kundi lenyewe halina kosa. Subiri ruta iwake kabisa na simu yako ipate waifai, kisha chomoa na kuchomeka tena kile kifaa kisichoonekana tu.